Naomba ushauri: sauti inakwaruza mwishoni mwa santuri

Wakuu, habari zenu. Ndiyo kwanza naanza kusikiliza santuri. Nyimbo za mwanzo zinalia safi kabisa, ila zile mbili za mwisho, karibu na lebo, kila "s" ya mwimbaji inakwaruza. Inaniumiza kweli.

Sindano imeandikiwa ikandamize santuri kwa gramu 1.8 hadi 2.2. Nilisawazisha mkono wa sindano mpaka ukaelea, nikaweka 1.8, kisha 2.0; afadhali kidogo tu. Nchani nilikuta uzi wa vumbi kama pamba, nikautoa kwa brashi laini, nyuma kuja mbele. Santuri naifuta kavu.

Je, nipandishe hadi 2.2, au kichwa cha sindano kimekaa upande? Na uchafu uliozama mifereji niuoshe na nini?