Tupeane uzoefu: utabiri wa hewa kwa sauti ya mpelelezi, bila kuugusa ukweli wake

Mama Kahawa (Kiboriloni)
Mnaogeuza utabiri kuwa maneno ya mpelelezi wa koti refu na sigara, mnazuiaje mvua isiongezeke njiani? Mpelelezi wa aina hiyo hawezi kutembea bila kulowa. Tufanyie kazi huu wa mfano wa Julai:

"Arusha na Kilimanjaro: hali ya mawingu kiasi, mvua nyepesi katika maeneo machache na vipindi vya jua. Arusha, joto la chini 13, la juu 22. Kuanzia saa 3 usiku leo hadi saa 3 usiku kesho."

Fundi Maneno (Sakina)
Kabla ya kuandika, piga mstari chini ya vitu vinne: muda, mahali, mvua ni kubwa kiasi gani, na imesambaa kiasi gani. Hivyo haviguswi. Tashibiha ziende kwenye moyo wa mpelelezi, zisiende kwenye mvua. Ukisema "baridi ilinikaba shingo kama mdai" huku nyuzi 13 ziko palepale, hujadanganya. Ukisema "baridi ya kugandisha maji", umeshatunga hewa nyingine.

Kijana wa Ngarenaro
"Mvua nyepesi katika maeneo machache" si ndiyo kusema mvua ndogo? Mimi naandika "manyunyu" nasonga mbele.

Fundi Maneno
Umepata nusu. "Nyepesi" ni ukubwa wa mvua. "Maeneo machache" ni mtawanyiko: Sakina inaweza kunyesha na Njiro kukauka. Ukiandika "manyunyu yaliuosha mji", ukubwa umebaki sawa lakini umeunyeshea mji mzima.

Dada wa Majengo (Moshi)
Hilo neno "machache" lina madhara, jamani. Julai moja mtu alirekodi maigizo ya namna hii akayatuma kwenye kundi la mtaa. Utabiri ulikuwa kama huo hapo juu, lakini mpelelezi wake akasema "mvua itanifuata kila kichochoro". Jirani yangu alikuwa na kahawa ya maganda kwenye vichanja, bado mbichi. Aliposikia akaifunika kwa nailoni tangu asubuhi, akaenda shambani. Hapakudondoka tone. Jua lilitoka vipindi vipindi, mvuke ukakosa pa kutokea. Jioni alipofunua, upande wa ndani wa nailoni ulikuwa unachuruzika maji, na kahawa imeanza kunuka uvundo. Ikabidi aitandaze upya na kuichambua kwa mkono.

Mama Kahawa
Pole yake! Ya maganda mabichi huifuniki mchana kutwa, unakaa nayo karibu, unafunika mvua ikija.

Baba Sendoff
Kwa hiyo Jumamosi Njiro itanyesha? Nina turubai la watu 200.

Dada wa Majengo
Baba, huo ni mfano tu. Soma utabiri wenyewe Ijumaa usiku. Na turubai funga.

Fundi Maneno
Mbali na kisa cha kahawa, kuna kosa la pili: nyakati. Mpelelezi amezoea kusimulia yaliyopita, "ilinyesha", na msikilizaji anadhani ni taarifa ya jana. Mimi humweka ofisini usiku wa leo, anamsubiri mtuhumiwa wa kesho. Hivi:

"Saa 3 usiku. Faili liko mezani. Kabla hakujapambazuka baridi itanigongea mlango, nyuzi 13, haina haraka. Mawingu yatakuwepo kiasi, yananyemelea kama watu wanaojua jambo. Mvua? Nyepesi, na itaingia mitaa michache tu. Ipi, hakuna aliyetaja. Katikati jua litachungulia, litajificha, litachungulia tena, kama shahidi mwoga. Alasiri nyuzi zitafika 22. Kesho saa 3 usiku nafunga jalada."

Kijana wa Ngarenaro
Wakati ujao unaua ladha. Mpelelezi asiye na majuto ya jana ni nani huyo? Na mbona Meru hayupo? "Meru amejifunika uso, hatoi ushahidi." Hiyo ndiyo Arusha!

Fundi Maneno
Utabiri umesema mawingu kiasi, haukusema Meru atafunikwa.

Kijana wa Ngarenaro
Julai asubuhi kila mtu Arusha anajua Meru yuko wapi. Majuto yabaki ya jana, hewa iwe ya kesho, na Meru aingie.

Mama Kahawa
Majuto ya jana nakubali. Meru bado nasitasita.

Dada wa Majengo
Njia yangu ya kupima: nampa mtu ambaye hajaona utabiri asome maigizo mara moja, kisha aniandikie hewa ya kesho kwa sentensi mbili. Nalinganisha na ile mistari minne. Kinachopotea kwanza karibu kila mara ni "machache", kwa hiyo nalitaja mara mbili, mara ya pili karibu na mwisho. Nimempa shemeji hiyo ya Fundi. Ameandika: "Asubuhi 13, alasiri 22, mawingu kiasi na jua vipindi, mvua nyepesi sehemu chache."

Kijana wa Ngarenaro
Sasa mpe yenye Meru.

Dada wa Majengo
Ameandika "mlima utafunikwa siku nzima".