Naomba ushauri: kumpa meneja wazo kabla ya kuomba kazi

Habari zenu wakuu. Kampuni moja ya tiketi za mabasi mtandaoni inatafuta mbunifu wa programu ya simu. Kabla ya kutuma maombi rasmi nataka kumwandikia meneja anayeajiri barua pepe yenye wazo moja tu.

Kwenye programu yao, ukichelewa kuingiza namba ya siri, ombi la malipo linaisha muda na unarudishwa mwanzo: tarehe, kiti, jina, vyote upya. Abiria wa mtandao dhaifu ndiye anaumia. Napendekeza kiti kishikiliwe dakika chache, na kiwepo kitufe cha "Tuma ombi tena". Nimejaribu kwa laini za mitandao tofauti, tatizo likajirudia.

Rasimu nimeifupisha isisomeke kama malalamiko ya mteja: tatizo, jinsi ya kuliona, pendekezo, kisha sentensi moja kwamba huenda kuna sababu ya kiufundi nisiyoiona nikiwa nje. Mchoro wa skrini mpya ninao.

Mliowahi kuajiri: niuambatishe mchoro au nisubiri auombe? Na niseme humohumo kwamba nitaomba nafasi hiyo, au ataona najipendekeza?