Kipande chenye rafu inayoning'inia: nisimamishe, nilaze au nigeuze juu chini?

Fundi_wa_Kaunta

Wakuu, habari za kazi. Nina oda ya vipande 20 vya kuweka kwenye kaunta za mawakala wa pesa za simu. Ukikitazama kwa pembeni kina umbo la C: kitako cha chini kina upana wa milimita 140, kina cha 60 na unene wa 5. Ukuta wa nyuma una kimo cha 90, na juu yake kuna rafu inayotokeza mbele milimita 45. Upande wa kushoto kuna shavu la milimita 3 linalofunga C, upande wa kulia uko wazi. Mgongoni, unaomtazama mteja, kuna jina la duka kwa herufi zilizoinuka milimita 1.

Naviprinti kwa plastiki ya PETG kwenye printa ya 3D ya Ender 3, nozeli ya 0.4, tabaka la 0.2, nozeli nyuzi 240 na bedi 80. Nimeprinti viwili na vyote sikuvipenda.

Cha kwanza nilikisimamisha kama kitakavyokaa mezani. Sapoti, zile nguzo za muda za kubeba kinachoning'inia, zilijaa chini ya rafu yote. Nilipozing'oa, chini ya rafu pakabaki kama ngozi ya mamba, na hapo ndipo mteja anataka kubandika utepe wa taa za LED. Gundi ya utepe haikushika hata siku moja. Juu ya hayo kona mbili za kitako zilinyanyuka, nikikiweka kwenye kioo kinacheza.

Cha pili nilikigeuza juu chini, rafu ikakaa kwenye bedi. Juu ya rafu pametoka laini sana, lakini chini yake pana makovu vilevile. Sijaelewa, kwa sababu safari hii rafu haikuwa inaning'inia. Mngeweka vipi?

Kijana_Filamenti

Mkuu tatizo lako ni bedi kuwa baridi. Panda mpaka 95, weka brimu, ule ukingo mwembamba wa kuzunguka kipande kwenye bedi, ya milimita 10, kona hazitanyanyuka tena. Kuhusu makovu, ongeza umbali kati ya sapoti na kipande, yaani `Support Z Distance` kutoka 0.2 uende 0.4. Zitatoka kwa mkono tu.

Bibi_Tabaka

Kijana, brimu nakubali. Bedi ya 95 kwa PETG siikubali. PETG huanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi, ukipanda sana juu ya hapo milimita za mwanzo zinabaki laini muda wote na kuvimba pembeni. Unapata mguu wa tembo na kona bado zinaweza kupanda. Na huo umbali wa 0.4 ni kweli utarahisisha kung'oa, ila tabaka la kwanza la rafu litakuwa linatandazwa hewani. Nyuzi zitalegea na kuning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Badala ya makovu utakuwa na matuta, na utepe wa LED hautashika matuta pia.

Fundi, nianze na hicho cha pili maana ndicho kinachokuchanganya. Ulipokigeuza, rafu ilikaa chini kweli, lakini kitako kikawa ndicho kinachoning'inia juu. Sapoti za kukibeba zilihitaji mahali pa kusimama, na chini yao kulikuwa na nini? Ile rafu yako. Kwa hiyo zilisimama juu ya uso uleule wa LED, zikaushika kwa miguu badala ya kichwa. Sapoti huacha alama ncha zote mbili kama ncha zote mbili zinagusa kipande. Ukichagua zianzie kwenye bedi tu, kitako chako kinaipita rafu kwa milimita 15, kwa hiyo zingepata nafasi chini ya hizo 15 na sehemu nyingine ingebaki bila kitu.

Sasa kona. Kila tabaka linapopoa linasinyaa kidogo na kulivuta lililo chini yake. Mvuto huo unajikusanya kadiri mstari wa plastiki unavyokuwa mrefu, na unaishia nguvu zote kwenye ncha. Kitako chako ni bamba la milimita 140 kwa 60, nene milimita 5, yaani matabaka 25 yote yakivuta kuelekea katikati. Hapo kona zikipanda si ajabu. Je, chumbani kuna pangaboi linazunguka?

Fundi_wa_Kaunta

Lipo, na bila hilo mchana hapa hapakaliki. Shikamoo bibi, kumbe sapoti zinaharibu hata pale zinapokanyaga!

Bibi_Tabaka

Marahaba. Lizime, au ifunike printa kwa boksi kubwa la kadibodi pande tatu. Upepo unaopiga upande mmoja unapoza kona hiyo kabla ya wenzake.

Resini_Mombasa

Mimi kwangu jibu ni moja, kila kitu nakiinamisha nyuzi 45. Sijawahi kulaza kitu bapa tangu ninunue mashine. Inamisha, weka sapoti nyembamba nyembamba, kisha osha na uanike taa. Makovu yanakuwa vidoti vya msasa tu.

Bibi_Tabaka

Ndugu yangu, hiyo ni mashine ya resini, ya maji yanayogandishwa kwa mwanga. Kule mnainamisha ili kila tabaka liwe na eneo dogo, maana linabanduliwa kwenye utando wa chini kila mara, na likiwa bapa kubwa linang'ang'ania. Huyu anatumia filamenti, uzi wa plastiki unaoyeyushwa.

Ila wazo lenyewe nisilitupe. C yake ikiinamishwa nyuzi 45, chini ya rafu panakuwa mteremko ambao nozeli inaweza kuujenga wenyewe bila sapoti, kila tabaka likishikwa nusu na la chini yake. Shida ni kwamba kipande kizima kitasimama kwenye ncha ya pembe moja, kitahitaji kuegemezwa kwa sapoti huku na huku, na nyuso zote zinazotazama chini zitakuwa na mikwaruzo kidogo, mgongo wenye jina ukiwemo. Nisingechagua.

Mchoraji_Arusha

Mbona hakuna anayesema kulaza kwenye shavu? Shavu la kushoto lilale kwenye bedi, C yote ipande juu kama ukuta wa nyumba usio na paa. Rafu inakuwa ukuta, kitako kinakuwa ukuta, mgongo unakuwa ukuta. Hakuna kinachoning'inia. Upande wa kulia uko wazi, kwa hiyo juu hakuna cha kufunika. Sapoti sifuri.

Na nguvu inaongezeka. Kikisimama kawaida, mtu akiegemea rafu, ukuta unapindishwa na matabaka yanavutwa yaachane pale rafu inapokutana na ukuta. Kikilazwa, nyuzi za plastiki zinapita kwenye ile kona bila kukatika. Ingekuwa na mashavu mawili ningesema mengine.

Kijana_Filamenti

Hiyo ni milimita 140 kwenda juu, atakesha! Bora asimamishe kawaida na atumie PLA, plastiki nyingine, kwenye uso wa juu wa sapoti. PLA na PETG hazishikani, unaweka umbali sifuri na inabanduka kama ganda la ndizi, chini panakuwa laini. Asitishe uprintaji kwa amri ya `M600` pale sapoti inapofika juu, abadilishe filamenti, basi.

Bibi_Tabaka

Hapo umepatia nusu, na nusu iliyobaki ndiyo ya hatari. Ni kweli hazishikani, na kwa mwenye mashine ya filamenti mbili ni njia nzuri mno. Lakini kwenye kimo kilekile ambapo uso wa sapoti unaprintiwa, ukuta wa nyuma nao unaprintiwa. Ukibadilisha filamenti kwa tabaka zima, ukuta utapata mstari wa PLA katikati ya PETG. Ulichosifia kuwa hakishikani umekiweka ndani ya ukuta, chini kidogo tu ya rafu. Siku ya kwanza mtu akiegemea, rafu inaondoka na kichwa cha ukuta.

Kuepuka hilo, ndani ya tabaka moja aprinti ukuta kwa PETG, abadilishe, aprinti uso wa sapoti kwa PLA, arudi PETG. Mabadiliko mawili kwa kipande, hata kama uso ni tabaka moja tu. Kwa vipande 20 ni mara 40 za kusimama pale na koleo mkononi.

Namuunga mkono Mchoraji. Fundi, usiprinti kizima kwanza. Kata mchoro, bakiza shavu na milimita 20 tu za C juu yake, uone.

Fundi_wa_Kaunta

Nimerudi. Nimezima pangaboi, brimu milimita 6, nimelaza kwenye shavu. Kile cha majaribio cha milimita 20 kilitoka safi. Nilikiweka kwenye kioo nikajaribu kupitisha kadi ya simu chini ya kona nne, haikupita popote. Utepe wa LED nimeubandika jana, leo bado umeshika, ingawa mistari ya matabaka inaonekana ukimulika.

Nikaprinti kizima. Mambo matatu. Kwanza, kuna mstari mwembamba unaozunguka pale shavu linapoishia na kuta zinapoanza, kama alama ya mkanda. Pili, milimita 30 za juu, ncha ya rafu ina mawimbi. Tatu, herufi za mgongoni, kila moja ina upande mmoja unaolegea kidogo.

Mchoraji_Arusha

Mstari huo ni pale tabaka linapotoka kuwa bamba kubwa na kuwa kuta nyembamba ghafla. Muda wa kupoa unabadilika, na msinyao nao. Weka mshazari mdogo wa ndani kati ya shavu na kuta, badiliko liwe la taratibu. Hautaisha kabisa.

Herufi ni kosa langu kutoliona. Jina sasa limelala kwa ubavu, na ubavu wa kila herufi unaotazama chini unatokeza milimita 1 hewani. Zipunguze ziwe 0.6, au zichonge ziingie ndani.

Bibi_Tabaka

Mawimbi ni kipande kutikisika. Bedi ya Ender 3 inakwenda mbele na nyuma na kukibeba, na ncha ya rafu ni ukingo mrefu usioshikwa na kitu. Punguza mwendo baada ya kimo cha 100. Kama hayaishi, chora kijiti chembamba cha kuunganisha ncha ya rafu na kitako, kijengwe pamoja na kipande, halafu ukikate kwa kisu. Kovu litabaki kwenye ncha na pale kijiti kinapogusa kitako, nje ya njia ya utepe.

Kijana_Filamenti

Sasa bibi si umerudisha sapoti kwa mlango wa nyuma 😄

Bibi_Tabaka

Nimeirudisha, lakini mimi ndiye niliyechagua pa kuiweka.

Resini_Mombasa

Na kwa nini usikate kipande viwili, rafu peke yake bapa, kisha skrubu?

Fundi_wa_Kaunta

Nimelifikiria, ila skrubu zitaonekana juu ya rafu na mteja anataka pasiwe na kitu. Nitazichonga herufi ndani na kupunguza mwendo kwanza. Kijiti nitakijaribu kwenye cha tatu kama mawimbi yatabaki. Kimoja kilichukua usiku mzima, kwa hiyo majibu ni Jumamosi, umeme ukiruhusu.