Nimelipa laki na nusu kuchakatiwa data, nikapewa p ya 0.019 isiyosimama

Wakuu, nina hasira. Utafiti wangu ni mdogo, wagonjwa 20 wa vidonda kwenye zahanati moja huku Temeke. Kumi walifungwa bandeji mpya, 1 akatunga usaha. Kumi walifungwa ya kawaida, 6 wakatunga. Jamaa wa steshenari akapiga kai-skwea, p = 0.019, akaandika "tofauti ipo wazi". Juzi jopo limenirudisha mbele ya wenzangu.

Nikaenda kudai faili lenyewe. Chini ya jedwali SPSS ilishasema:

`2 cells (50.0%) have expected count less than 5. The minimum expected count is 3.50.`

Na mstari wa `Fisher's Exact Test` upo palepale, 0.057, juu ya mpaka wa 0.05. Kavikata vyote viwili kabla ya kunichapia!

Mzee wa Mbagala: Pole dada. Kanuni ni moja tu: ukiona seli yenye namba chini ya 5, unatumia Fisher. Wewe una 1 na 4.

Mwanatakwimu: Hapana mzee, hutazami namba uliyohesabu, unatazama inayotarajiwa. Wenye usaha ni 7 kati ya 20, kwa hiyo bandeji zisingetofautiana, kila kundi la 10 lingetarajiwa kuwa nao 3.5. Hapo ndipo kai-skwea inapoyumba, kwa sababu p yake ni makadirio yanayohitaji namba kubwa.

Fisher hakadirii, anahesabu njia. Kuwachagua wenye usaha 7 kati ya watu 20 kuna njia 77,520. Njia ambazo mmoja tu anatoka bandeji mpya ni 10 × 210 = 2,100. Za kutotoka hata mmoja ni 120. Jumla 2,220, na upande wa pili ni hivyohivyo maana makundi yanalingana. 4,440 ÷ 77,520 = 0.057. Hakiki mwenyewe kwenye R:

```
fisher.test(matrix(c(1,9,6,4), nrow=2, byrow=TRUE))
```

Binti Kigamboni: Mimi nina watu 15, niliwauliza kabla na baada ya semina. Nami nitumie Fisher?

Mwanatakwimu: Watu walewale mara mbili? Hiyo ni McNemar. Fungua uzi wako tusaidiane.

Daktari Mtaani: Fisher naye anabana mno. Anaichukulia ile 7 kama iliyopangwa tangu mwanzo, wakati dada alichopanga ni 10 na 10 tu. Kwa mid-P, inayohesabu nusu tu ya uwezekano wa jedwali lako lenyewe, unapata 0.030.

Mwanatakwimu: Kwa namba ni kweli. Lakini akihamia huko baada ya kuiona 0.057, jopo litamuuliza kwa nini.

Daktari Mtaani: Na akibaki na Fisher, ataambiwa bandeji haifanyi kazi, wakati wagonjwa 20 hawatoshi kusema hivyo.

Mwenye uzi: Pendekezo langu lilitaja kai-skwea tu, jamani. Nimeweka 0.057 na jedwali zima pamoja na ile 3.50. Sentensi ya "tofauti ipo wazi" nimeifuta. Pesa yangu bado anayo, na simu hapokei.