Barua ya ukumbi kwa mpangaji wa harusi

Rehema: Hamjambo nyote. Ile barua ya yule mama anayepanga harusi nimeshaiandika. Naiweka hapa muisome, nataka imfikie kesho asubuhi.

Rehema: "Mama mpendwa, ukumbi wetu ni wa kisasa na wa kuvutia, unachukua watu 400. Tunatoa chakula kitamu na huduma bora. Kila harusi utakayotuletea tutakupunguzia asilimia 20. Karibu sana."

Baba: Fupi, imekaa vizuri. Tuma.

Shangazi Zuhura: Kaka, subiri kidogo. Rehema mwanangu, hao watu 400 umewatoa wapi?

Rehema: Shikamoo shangazi. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi ya ukumbi tangu zamani.

Shangazi Zuhura: Marahaba. Hiyo ni hesabu ya mkutano, viti safu kwa safu, wote wanatazama mbele. Huyu anapanga harusi, anafikiria meza za duara. Kaka, ukumbi una ukubwa gani?

Baba: Mita 24 kwa 15.

Shangazi Zuhura: Mita za mraba 360. Toa jukwaa la maharusi, 8 kwa 4, ni 32. Toa pa kucheza, 6 kwa 6, ni 36. Laini mbili za chakula na watu wanaosubiri sahani, weka 30. Muziki na njia ya mlangoni, 20. Zimeondoka 118, zimebaki 242.

Shangazi Zuhura: Sasa meza. Duara ya sentimita 180 inakaa watu 10. Ukihesabu viti vikiwa vimevutwa nyuma, na njia ya mhudumu kupita na trei, meza moja inakula mita za mraba 11 hivi. 242 gawa kwa 11 ni meza 22. Watu 220.

Juma: Duh. Kutoka 400 hadi 220? Shangazi, tukiandika hivyo tutaonekana wadogo.

Shangazi Zuhura: Kwa mwenye harusi ya watu 350 ni wadogo kweli, na huyo hatumtaki, maana tutamharibia. Ila mpangaji mwenye harusi ya watu 200 akisoma "220 kwa meza za duara, jukwaa na pa kucheza vikiwemo" anajua anaongea na mtu aliyewahi kupanga meza. Akikuta 400 atakuja na futi yake, na akishapima hataamini tena hata tunachosema kuhusu jiko.

Mama Mdogo: Hilo mimi limenikuta kwa mwanangu. Ukumbi mwingine kabisa, wakatuambia watu 300 wanaenea. Wakaenea kweli, lakini viti vimegusana migongo. Wahudumu walishindwa kufika meza za nyuma, wageni wakaanza kuinuka wenyewe kwenda kuchukua chakula. Wakwe zangu walikula hotuba zinaisha. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Shangazi Zuhura: Pole sana mdogo wangu. Na aliyelaumiwa siku ile nani?

Mama Mdogo: Mpangaji! Wenye ukumbi, sisi hatukuwajua hata sura.

Shangazi Zuhura: Basi Rehema, barua ijibu hofu hiyo. Anayeisoma haogopi kula vibaya yeye, anaogopa kuaibika mbele ya mteja wake.

Hadija: Samahani nimechelewa kusoma. Kwani bibi harusi anapenda rangi gani? Barua ingekuwa na picha za maua na mishumaa.

Rehema: Dada, haiendi kwa bibi harusi. Inaenda kwa mpangaji. Bibi harusi tukimpata ni shughuli moja, mpangaji ana nyingine mwezi ujao.

Hadija: Aaa, nimeelewa. Basi picha moja ya ukumbi ukiwa na meza zimepangwa, si mtupu.

Shangazi Zuhura: Hiyo itie, Hadija kasema vizuri. Na mchoro wa meza 22 wenye vipimo.

Juma: Mimi nasema tusijisumbue na mita. Hawa watu wanataka kamisheni. Mpe asilimia 10 chini kwa chini, harusi zote zitakuja kwetu.

Shangazi Zuhura: Nusu uko sawa. Wapo wanaochukua kamisheni ukumbini, na wapo wanaolipwa na mteja tu, ambao ukiwatajia kamisheni wanaona unawanunua. Hiyo ya chini kwa chini siitaki kabisa. Mteja akigundua, mpangaji amepoteza jina lake na sisi tumempoteza mpangaji. Aseme mwenyewe: tumpe kamisheni ambayo mteja anaijua, au tukate kiasi hicho hicho kwenye ankara ya mteja.

Baba: Na ile asilimia 20?

Shangazi Zuhura: Iondoke. Ukikata 20 kabla hujaombwa, atajiuliza bei ya kweli ilikuwa ngapi. Halafu utaifidia wapi? Utapunguza wahudumu, ndipo harusi inapoharibika. Kila sahani inayotoka ina gharama yake, lakini ukumbi ukikaa mtupu hauingizi kitu. Kwa hiyo punguzo likae kwenye ukumbi tu, chakula kisiguswe, na lianze harusi ya tatu ndani ya mwaka.

Rehema: Shangazi, kwenye chakula niandike nini badala ya "kitamu"?

Shangazi Zuhura: Andika muda. Laini mbili, kila moja inachukuliwa pande zote mbili, ni foleni nne. Watu 220 gawa kwa nne ni 55 kila foleni. Watu wanne wakitoka kwa dakika, mgeni wa mwisho ana sahani ndani ya robo saa. Laini moja ya upande mmoja ingekuwa karibu saa nzima. Weka dakika 20, sahani za kuongeza zikichelewa tusijifunge.

Rehema: Nimeandika upya, someni:

"Mama, salaam. Ukumbi wetu unakalisha watu 220 kwa meza za duara za watu 10, jukwaa na pa kucheza vikiwemo. Mchoro wenye vipimo umeambatanishwa. Chakula tunapika wenyewe, na mgeni wa mwisho hupata sahani ndani ya dakika 20 tangu laini kufunguliwa. Idadi ya mwisho utatupa siku 7 kabla. Hiyo ndiyo tutakayotoza, na jiko litaandaa asilimia 5 zaidi bila malipo. Ukitupigia tunakushikilia tarehe siku 10 bila malipo ya awali. Bei yako haitabadilika kwa miezi 12, na kuanzia harusi ya tatu ndani ya mwaka tunakata asilimia 10 ya ukumbi. Mteja wako ni wako: hatutampigia bila wewe kujua. Utazungumza na mtu mmoja, mimi, kuanzia siku ya kwanza hadi meza zinapokunjwa. Njoo siku tunapoandaa harusi ya mwingine, saa mbili kabla ya wageni, uone kazi inavyokwenda."

Mama Mdogo: Hii ningeipata mimi ningepanga hapo.

Baba: Siku 10 za kushikilia Jumamosi naziogopa. Mwingine akija na pesa mkononi?

Shangazi Zuhura: Mpigie mpangaji, mpe saa 48 aamue. Liandikwe humo humo kwenye barua.

Baba: Sawa. Na akitaka kuleta wapishi wake?

Shangazi Zuhura: Mimi nakubali, alipie jiko na usafi.

Baba: Mimi sikubali. Chakula kikiharibika jina ni la ukumbi.

Juma: Wengine hawaji kabisa bila wapishi wao, baba.

Baba: Tutaongea Jumapili. Rehema, hilo usiliandike bado.

Rehema: Sawa baba. Naongeza saa 48, Juma anitumie mchoro leo jioni, kisha natuma.