Mrejesho: salio la bajeti ya nyumbani limekubali

Niliuliza: "Mapato 1,200,000, matumizi 930,000, akiba 180,000. Jedwali linasema salio ni 270,000, lakini mfukoni na kwenye simu nina 64,000 tu. Kosa liko wapi?"

Asanteni sana, nimelipata. Makosa yalikuwa mawili.

Kwanza, fomula ya salio ilitoa matumizi peke yake. Akiba nilishaipeleka kwenye akaunti nyingine, lakini jedwali bado liliihesabu kama ipo mkononi. Nilipoitoa, salio likashuka hadi 90,000. Hapo hapo nikagundua kuwa kiwango cha akiba cha 22.5% kilitokana na hiyo 270,000. Kiwango halisi ni 15%, yaani 180,000 kwa 1,200,000.

Zikabaki 26,000, na hizi ndizo zilinisumbua usiku mzima. Jumla ilikuwa inaishia mstari wa 11, wakati bili ya maji, 15,000, niliiongeza mstari wa 12. Nyingine 11,000 ni makato ya kutuma na kutoa pesa kwa simu, ambayo sikuwahi kuyaandika. Nimeyapata kwa kujumlisha meseji moja moja. Sasa yako mstari wa 13, akiba B14, na pesa niliyoihesabu kwa mkono B16:

```
=B2-SUM(B5:B13)-B14-B16
```

Jibu limetoka 0. Mwezi ujao hiyo 64,000 itaingia kama salio la kuanzia kwenye seli yake, nje ya mapato, ili isipunguze asilimia ya akiba.