Sabuni 46 zimeenda wapi?

Dada Zai: Shikamooni wakubwa. Ripoti ya saa 12 asubuhi ya mfumo wa mauzo dukani imeingia. Jana sabuni zilianza 120, nilizihesabu mwenyewe. Mzigo ukaingia 48, zikauzwa 37, kwa hiyo zingebaki 131. Rafuni ziko 85! Betri nazo zilitakiwa 38, ziko 32. Pesa ya droo inalingana na mauzo.

Binamu Kassim: Kijana wako wa dukani anabeba hizo sabuni. Weka kamera.

Mjomba Saidi: Marahaba Zai. Kassim, taratibu. Katoni ya sabuni ina ngapi?

Dada Zai: 24, mjomba.

Mjomba Saidi: Pengo ni 46, yaani 23 mara 2, bila salio. Mwizi hapangi hesabu hivyo. Kuna katoni 2 zimeuzwa nzima, muuzaji akaskani bakodi ya kipande halafu akaandika bei ya katoni kwa mkono. Mfumo unapunguza 1, rafuni zinatoka 24, pengo 23 kwa kila katoni. Ndiyo maana droo haikulalamika. Fungua mauzo ya sabuni ya jana, tafuta mstari wenye idadi 1 na bei ya katoni.

Shangazi Mwana: Mbona ripoti yangu inakuja saa 3 asubuhi badala ya saa 12? Au bando?

Dada Zai: Nimeiona mistari miwili, mjomba 🙌

Mjomba Saidi: Sajili katoni kama bidhaa yake, ikiuzwa ipunguze vipande 24. Na ufunge ruhusa ya kubadili bei.

Binamu Kassim: Betri je? Labda simu ya kuuzia haikuwa na mtandao, mauzo yakachelewa kupanda.

Mjomba Saidi: Inawezekana. Lakini mauzo hayo yakipanda, pengo linajifunga. Zai, angalia simu kama ina mauzo yanayosubiri, kisha itoe ripoti upya.

Dada Zai: Hakuna yanayosubiri. Betri bado pungufu 6.

Mjomba Saidi: Sasa fungua risiti zilizofutwa. Ripoti nyingi haziziweki ukurasa wa kwanza.

Dada Zai: Ziko 3, kila moja betri 2, taslimu. Zote zimefutwa dakika chache baada ya kutolewa 😳

Mjomba Saidi: Hapo ndipo panapovuja. Risiti ikifutwa, mfumo unarudisha betri kwenye hesabu na kuondoa pesa kwenye mauzo. Betri ikiwa imeondoka na mteja, noti hiyo inaweza kutoka kwenye droo na hesabu ya jioni bado ikalingana.

Binamu Kassim: Si nilisema!

Mjomba Saidi: Ulisema sabuni. Tena huenda wateja walighairi kweli na betri zikawekwa pengine. Zai, tafuta chini ya kaunta kwanza. Kuanzia leo kufuta risiti kudai pasiwedi yako, na ripoti ionyeshe saa na jina la aliyefuta. Betri zihesabu asubuhi na jioni.

Dada Zai: Chini ya kaunta kuna 2.

Mjomba Saidi: Basi bado 4. Usimwite mtu kwanza. Shangazi, mipangilio yako ya saa pengine imeachwa UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa 3, ibadilishe iwe saa za ulipo.